Kiwiko Huanza Kwenye Sanduku: Mhusika wa Kwanza wa 3D Ndani ya Blender

Anayetengeneza mhusika wake wa kwanza ndani ya programu ya Blender kwa kawaida hukwama siku ya kutia mifupa. Mpaka hapo kila kitu kimekwenda vyema: mwili umesimama, mikono na miguu ipo, sura inapendeza. Anaingiza mifupa, anaifunga na mwili, anakunja mkono mmoja, na kiwiko kinanyauka. Upande wa nje unabonyea, upande wa ndani mabapa yanaingiliana, na mkono unakonda palepale ulipotakiwa kujaa. Hurudi kwenye mifupa, akaisogeza, akaifuta, akaitia upya. Kiwiko ni kilekile.

Mifupa haina kosa. Kiwiko kile kiliamuliwa zamani, wakati mwili ulipokuwa bado sanduku. Vijana wengi wanaoniletea mafaili yao hapa Mwanakwerekwe wana tatizo hili moja kwa sura mbalimbali, kwa hiyo nitaifuata safari nzima ya mhusika mmoja, kuanzia sanduku hadi mifupa, huku jicho langu likiwa kwenye viungo. Mhusika wetu ni kijana mvuvi wa Nungwi, amevaa fulana, kaptula na kofia. Kazi yake ni kukaa ndani ya ngalawa na kuvuta kamba ya tanga. Nimeichagua kazi hiyo kwa makusudi. Anayevuta kamba hukunja kiwiko kupita pembe mraba, na mhusika hutengenezwa kwa ajili ya mwendo atakaoufanya. Angekuwa wa kusimama tu kwenye picha, nusu ya makala hii isingekuwa na haja.

Kwanza mambo mawili ya vifaa. Laptopu nyingi tunazotumia hazina kile kikundi cha namba upande wa kulia wa kibodi, nacho ndicho Blender inachokitegemea kubadilisha mitazamo. Ingia `Edit > Preferences > Input`, washa `Emulate Numpad`, na namba za juu zitafanya kazi hiyo: 1 ni mbele, 3 ni ubavuni, 7 ni juu. Pili, hifadhi faili kwa jina jipya kila hatua, `mvuvi_01.blend`, `mvuvi_02.blend` na kuendelea. Umeme ukikatika na betri ikawa mbovu, utapoteza hatua moja tu. Tena kuna hatua mbele ambazo hazirudishiki kirahisi, na hapo utaishukuru nakala ya jana.

Vipimo kabla ya umbo

Mvuvi wetu ana urefu wa mita 1.6 na kichwa cha sentimita 40, yaani mwili mzima ni vichwa vinne. Mtu mzima halisi hufika vichwa saba au zaidi. Mhusika wa kwanza ni bora awe mnene na mfupi namna hii, kwa sababu viungo vinene huonekana vizuri unapovifanyia kazi, na makosa madogo ya uwiano hayamfanyi aonekane mgonjwa.

Anza na masanduku matupu. `Shift+A`, `Mesh`, `Cube`, na uweke moja la kichwa, moja la kifua, moja la nyonga, refu la mkono, refu la mguu. Usiyaunganishe. Yapange tu mpaka ukimtazama kwa mbali unamtambua mtu. Hapa ndipo penye uhuru wa kubadilisha mambo: kurefusha mguu ni kuvuta sanduku moja, kitendo cha sekunde mbili. Baadaye mguu huohuo utakuwa na pete za goti, nyayo na mifupa, na kuurefusha itakuwa kazi ya kutwa. Ukisharidhika, yatie masanduku hayo kwenye kolekisheni yake kwa kitufe `M`, nayo yabaki kuwa kielelezo cha kufuatisha.

Mwili wenyewe tunaujenga kutoka sanduku moja jipya. Sanduku la Blender huja na mita 2 kila upande. Bonyeza `Tab` kuingia `Edit Mode`, kisha andika amri hizi kwa mfuatano, `S` ikiwa ya kubadilisha ukubwa na `G` ya kusogeza, kila moja ukiimalizia kwa `Enter`:

```
S 0.2
S Z 1.4
S Y 0.6
G Z 0.88
```

Sasa una kiwiliwili chenye upana wa sentimita 40, unene wa sentimita 24, kinachoanzia sentimita 60 juu ya ardhi na kuishia sentimita 116. Kuingia kwanza `Edit Mode` kuna sababu yake. Ukipunguza kitu ukiwa nje, katika `Object Mode`, Blender haibadilishi vipimo vya nukta zenyewe. Inaandika pembeni kwamba kitu hiki kizidishwe kwa 0.2, na namba hiyo inakisubiri hadi siku ya mifupa. Rudi `Object Mode`, fungua kidirisha cha kulia kwa kitufe `N` na utazame `Scale`. Kama si 1 kwenye mistari yote mitatu, bonyeza `Ctrl+A` na uchague `Scale`.

Binadamu ana pande mbili zinazofanana, kwa hiyo tunajenga upande mmoja tu. Ingia tena `Edit Mode`, kwa `Ctrl+R` kata mstari wa wima katikati kabisa, futa nukta zote za upande wa kushoto wa skrini, kisha ongeza modifaya ya `Mirror`, badiliko ambalo Blender inalihesabu juu ya nukta bila kuzigusa, ikuwekee upande wa pili, na uwashe `Clipping`. Iwashe sasa hivi, kabla hujachomoa chochote, yaani kabla hujavuta bapa lolote nje ili mwili uendelee kutoka hapo. Hiyo ndiyo inayozibana nukta za katikati zisiachane, na ndiyo inayozuia ukuta uliofichika kujengeka ndani ya mwili unapochomoa mabapa yanayogusa mstari wa kati. Ukuta wa namna hiyo huuoni kwa nje. Utajitokeza baadaye kama mfereji mweusi kifuani.

Upande tuliobakisha ni wa kulia kwenye skrini, na huo ni mkono wa kushoto wa mvuvi, maana yeye ametuelekea. Likumbuke hilo, litarudi kwenye majina ya mifupa.

Pete

Sasa tunafika kwenye kiini. Mwili wa mhusika ni nukta, kingo zinazounganisha nukta, na mabapa yanayojaza nafasi baina ya kingo. Lakini anayetengeneza wahusika hatazami bapa mojamoja. Anatazama pete: mfululizo wa kingo unaouzunguka mkono na kurudi pale ulipoanzia. Ukilitazama kapu la ukili utaona ukanda ulioshonwa ukizunguka tumbo lake mzunguko juu ya mzunguko, na kapu hujikunja pale mizunguko inapokutana. Mkono wa mhusika ni hivyohivyo. Hukunjika penye pete, na pasipo na pete haukunjiki hata ukiweka mfupa wa namna gani.

Kwa sababu hiyo tunakata kiwiliwili kwa hesabu. `Ctrl+R` moja inapita ubavuni, kukigawa mbele na nyuma. Tatu zinalala: moja kiunoni kwenye sentimita 80, moja kwenye sentimita 100, moja kwenye 108. Mbili zinasimama wima: moja sentimita 3 tu kutoka mstari wa kati, nyingine karibu sentimita 11.

Tazama sasa ubavu wa juu. Kuna mabapa manne, mawili juu na mawili chini, na ukingo wa nje wa kundi hilo una nukta nane. Hapo ndipo mkono unapotokea. Tazama chini: ukiuacha ule utepe wa sentimita 3, kuna mabapa manne mengine, nayo pia yana nukta nane pembeni. Huo ni mguu. Utepe ni nafasi iliyopo baina ya mapaja, na asiyeuweka hupata miguu iliyogandana.

Kwa nini nane? Nukta nne hutoa mkono wa mraba ambao modifaya ya kulainisha, `Subdivision Surface`, ikiugusa huukondesha sana. Kumi na sita hutoa mduara mzuri, lakini kila kiungo kitakuwa na nukta nyingi za kuhesabia uzito, yaani kiasi ambacho kila mfupa unaivuta nukta, na kwa anayeanza hilo ni zigo. Nane zinatosha kuwa duara zikilainishwa, na unaweza kuzishughulikia moja baada ya nyingine. Zichague hizo nane, bonyeza `Shift+Alt+S`, andika 1, nazo zitajipanga mduara.

Chagua mabapa manne ya bega, bonyeza `E` na uchomoe sentimita 5. Andika `R Y 40` ili uso wa mkato uelekee chini. Ukielekea juu, andika -40. Halafu `E` tena sentimita 22 hadi kwenye kiwiko, na `E` nyingine sentimita 22 hadi kifundo cha mkono, ukipunguza kidogo kwa `S` kila mara. Mkono unashuka mshazari, haukunyooshwa kama msalaba. Wako wanaopendelea msalaba kwa sababu ni rahisi kuujenga, nami siwafuati. Mvuvi wetu atautumia mkono baina ya kuning'inia na usawa wa bega, na ukiujenga katikati ya masafa hayo, bega litajikunja kidogo kila upande. Ukiujenga juu, kila anapoushusha kwapa linajikunja mno na bega linachongoka.

Mguu ni vivyo hivyo: `E` sentimita 28 hadi goti, 26 hadi kifundo, 6 hadi ardhini, kisha mabapa ya mbele ya kipande cha mwisho yachomolewe kuwa wayo. Shingo na kichwa huchomolewa kutoka mabapa ya juu yaliyo karibu na mstari wa kati. Kiganja kiache kama glovu yenye dole gumba tu. Kamba ataishika kwa ngumi, na vidole vya mikono miwili vingetaka mifupa mingi kuliko mwili wote uliobaki.

Sasa rudi kwenye kiwiko. Hivi sasa kina pete moja, ile iliyobaki baina ya kuchomoa mara mbili. Ongeza mbili kwa `Ctrl+R`, moja juu yake na moja chini. Halafu, na hii ndiyo hatua wanayoiruka wengi, usiziache pete hizo zikiwa na umbali sawa. Upande wa nje wa kiwiko, ule unaotazama nyuma, zitanue hadi sentimita 3 baina ya moja na nyingine. Upande wa ndani zibane zikaribiane, sentimita moja hivi. Mkono ukikunjwa, ngozi ya nje inatakiwa kurefuka na ya ndani haina pa kwenda. Ukibana pete za ndani, mabapa yaliyobaki juu na chini yake hukutana vizuri badala ya kupenyana. Kwenye goti fanya kinyume: mtanuko uwe mbele, mbano uwe nyuma.

Kabla ya kutoka hapo, kivute kiwiko nyuma kidogo sana na goti mbele kidogo sana, kiasi cha sentimita moja. Kiungo kilichonyooka kama rula hakiiambii programu kikunjwe upande gani, na siku utakapotaka mguu ufuate wayo wenyewe, goti litachagua kukunjika kinyume.

Ukaguzi

Mwili umekamilika, lakini bado usitie mifupa. Funga kwanza modifaya ya `Mirror` kwa kuchagua `Apply` ukiwa `Object Mode`. Hii ni moja ya zile hatua zisizorudishika, kwa hiyo hifadhi nakala kabla. Ingia `Edit Mode`, bonyeza `A` kuchagua kila kitu, kisha `M` na `By Distance` kuziunganisha nukta zilizokaa moja juu ya nyingine. Blender itakuandikia chini imeondoa ngapi. Baada ya hapo `Shift+N`, ili mabapa yote yaelekee nje. Kuhakikisha, washa `Face Orientation` kwenye menyu ya `Overlays`: pasiwe na bapa jekundu hata moja. Bapa jekundu limegeuka ndani nje. Mwisho, katika hali ya kuchagua nukta, chagua `Select > All by Trait > Non Manifold`. Kwenye mwili uliofungika vyema hakuna kitakachowaka. Kikiwaka kitu, pana tundu, au ukuta wa ndani, na ni hapo hapo palipowaka.

Modifaya ya kulainisha, `Subdivision Surface`, unaweza kuiongeza wakati wowote, ila usiifunge. Tunataka mifupa ishike nukta chache za asili, kisha ulaini uhesabiwe juu yake.

Mifupa kumi na tisa

Rudisha kishale cha 3D katikati kwa `Shift+C`, kisha `Shift+A`, `Armature`, na ikikuuliza aina, `Single Bone`. Katika ukurasa wa sifa za mifupa, chini ya `Viewport Display`, washa `In Front` ili uione mifupa ikiwa ndani ya mwili. Ingia `Edit Mode`. Mfupa huu wa kwanza uwe nyonga, uweke kwenye sentimita 62 na uufupishe. Kutoka ncha yake chomoa kwa `E` mgongo, kifua, shingo, kichwa. Kutoka ncha ya kifua chomoa bega, mkono wa juu, kigasha, kiganja. Mguu unaongezwa kama mfupa mpya kwa `Shift+A`: paja, kisha muundi, kisha wayo. Chagua paja, halafu nyonga kwa `Shift`, na `Ctrl+P`, `Keep Offset`, ili paja liifuate nyonga bila kugandana nayo.

Mfupa wa Blender una shina na ncha, na kiungo kipo kwenye shina. Kwa hiyo shina la kigasha liwe katikati ya ile pete ya kati ya kiwiko, si karibu nayo. Likikaa kwenye pete ya juu au ya chini, mkono utakunjika mahali pasipo na maandalizi na kazi yote ya pete imepotea. Kagua kutoka mbele, kisha bonyeza 3 ukague kutoka ubavuni. Mara nyingi mifupa inayoonekana imenyooka ndani ya mwili kwa mbele, ukigeuka ubavuni unaikuta imeelea nje ya mgongo.

Majina yaandike kwa Kiswahili kama upendavyo, kwa kitufe `F2`, lakini mwisho wake lazima uwe `.L` kwa kushoto na `.R` kwa kulia: `kigasha.L`, `paja.L`. Ukiandika `kigasha.kushoto`, Blender haijui kwamba kuna pande mbili. Na kushoto ni kushoto kwa mvuvi, upande ule tuliojenga. Chagua mifupa yote ya `.L`, kisha `Armature > Symmetrize`, na mifupa saba ya upande wa pili inazaliwa na majina yake ya `.R`. Mitano ya katikati na kumi na minne ya pembeni: kumi na tisa.

Rudi `Object Mode`. Hakikisha `Scale` ya mwili na ya mifupa zote ni 1. Chagua mwili kwanza, halafu mifupa kwa `Shift`, `Ctrl+P`, `With Automatic Weights`. Mpangilio wa kuchagua una maana, kwani anayechaguliwa mwisho ndiye anakuwa mzazi.

Hapa huenda ukaona maandishi haya:

```
Bone Heat Weighting: failed to find solution for one or more bones
```

Blender hugawa uzito kwa mbinu iliyoelezwa mwaka 2007 na Ilya Baran na Jovan Popović. Kila mfupa huchukuliwa kama chanzo cha joto, na joto linasambaa juu ya ngozi. Nukta inayopata joto jingi kutoka kwenye mfupa fulani itaufuata mfupa huo. Joto haliwezi kusambaa kwenye ngozi iliyokatika au iliyogeuzwa. Ndiyo maana tulikagua. Kama umeuona ujumbe huo, rudi kwenye `By Distance`, `Shift+N` na `Non Manifold`. Ikiwa yote ni safi na bado inakataa, mhusika wako huenda ni mdogo mno: chagua mwili na mifupa, vikuze mara kumi pamoja, `Ctrl+A`, `Scale`, halafu ufunge tena.

Ukifanikiwa, tazama orodha ya modifaya za mwili. `Armature` iwe juu ya `Subdivision`. Ikiwa chini, iburute juu. Hapo mifupa inasogeza nukta zetu chache na ulaini unakuja baadaye, jambo linalofanya mikunjo iwe ya mviringo na kompyuta isielemewe.

Kwa nini kiwiko hunyauka

Chagua mifupa, bonyeza `Ctrl+Tab` kuingia `Pose Mode`, na ukikunje kigasha nyuzi 90. Kitabonyea kidogo. Ni vizuri kuelewa kwa nini, maana ukielewa utajua ni kipi cha kurekebisha na kipi cha kuacha.

Chukua nukta moja iliyo kwenye ncha ya kiwiko, sentimita 4 kutoka kwenye kiungo. Uzito wake ni nusu kwa mkono wa juu, nusu kwa kigasha. Mkono wa juu haukusogea, kwa hiyo unaitaka nukta ibaki ilipo. Kigasha kimezunguka robo duara, kinaitaka iende nacho. Blender inatafuta mahali pawili hapo, inavuta mstari ulionyooka baina yao, na kuiweka nukta katikati ya mstari. Lakini nukta ilitakiwa ifuate tao, na mstari ulionyooka hukata ndani ya tao. Matokeo yake nukta inakaa sentimita 2.8 kutoka kwenye kiungo badala ya 4. Mvuvi akivuta kamba kwa nguvu na kiwiko kikafika nyuzi 120, umbali huo unakuwa sentimita 2, nusu nzima imepotea.

Kama kiwiko kingekuwa na pete moja tu, hasara hiyo yote ingekuwa pahala pamoja na macho yangeiona mara moja. Zikiwepo tatu, pete za juu na chini zinashikwa zaidi na mfupa wao, zinapoteza kidogo, na zinaibeba ile ya kati kwa kuwa ulaini unahesabiwa baina yao. Hiyo ndiyo kazi yao.

Uzito wenyewe wengi huupaka kwa brashi katika `Weight Paint`, ambapo buluu ni sifuri na nyekundu ni moja. Kwa mhusika wa pete za nukta nane mimi naona brashi si chombo sahihi. Inachafua pete za jirani na huna uhakika umeandika nini. Namba ni safi zaidi. Rudi `Object Mode`, uchague mwili, ingia `Edit Mode`, shika `Alt` na ubonyeze ukingo mmoja wa pete ili ichaguliwe yote. Katika ukurasa wa `Object Data`, chini ya `Vertex Groups`, bonyeza jina la mfupa, andika uzito, bonyeza `Assign`. Pete ya kati: 0.5 kwa mkono wa juu, 0.5 kwa kigasha. Pete ya juu: 0.85 na 0.15. Pete ya chini: 0.15 na 0.85. Mfupa mwingine wowote ulioingia hapo, mathalani kifua, mwondoe kwa `Remove`. Pete tatu kwa kila kiungo, viwiko na magoti. Kazi ya dakika chache, na pande zote mbili zinatoka sawasawa.

Kikunje tena. Kama bado unaona kinakonda kupita kiasi kwenye nyuzi 120, washa `Preserve Volume` ndani ya modifaya ya `Armature`. Hapo Blender inaacha mstari ulionyooka na kuzizungusha nukta kwa tao. Kiwiko hujaa, ila tahadhari na bega na nyonga: huko wakati mwingine hujaa kupita kiasi na kutoa uvimbe. Ijaribu kwenye mkao wa kuvuta kamba kabla ya kuiamini.

Jaribu na viungo vingine, kimoja kimoja, ukirudisha kwa `Alt+R` kila baada ya jaribio. Inua mkono utazame mbavu: zikinyanyuka nao, nukta za ubavuni zina uzito wa mkono wa juu, ziondolee. Geuza kichwa utazame mabega. Mwishoni, katika `Pose Mode`, ivute nyonga mbali kwa `G`. Mwili mzima uende. Nukta zilizobaki nyuma, zikivuta ngozi kama uzi mrefu, hazina mfupa wowote. Rudi `Object Mode`, uchague mwili, ingia `Edit Mode`, na `Select > All by Trait > Ungrouped Vertices` itakuonesha ni zipi.

Kofia, na habari ya kanzu

Kofia haipindi, kwa hiyo haihitaji uzito. Itengeneze kama kitu cha peke yake, ivishe, kisha chagua kofia, halafu mifupa kwa `Shift`, ingia `Pose Mode`, bonyeza mfupa wa kichwa, `Ctrl+P`, `Bone`. Itakifuata kichwa bila kubonyea. Kasia, ndoo, chochote kigumu anachokishika hufungwa namna hiyohiyo, kwa mfupa wa kiganja.

Wengi hapa kwetu hutaka mhusika wao wa kwanza avae kanzu, au awe bibi aliyevaa buibui, na ni haki yao, maana ndivyo watu wetu wanavyovaa. Lakini tazama lile jambo la mstari ulionyooka litafanya nini. Nguo inayoziba nafasi baina ya miguu ina nukta zilizo katikati ya mapaja mawili, kila moja nusu kwa paja la kushoto na nusu kwa la kulia. Mvuvi akipiga hatua, mguu mmoja unakwenda mbele, mwingine nyuma, na wastani wa mahali pawili hapo ni karibu palepale nukta ilipokuwa. Upindo wa kanzu unabaki umesimama wima katikati huku magoti yanaipenya nguo mbele na nyuma. Hakuna uzito utakaoliponya hilo, kwa kuwa hesabu yenyewe ndiyo inayotoa jibu hilo. Nguo ya namna hiyo hutaka mnyororo wa mifupa yake yenyewe, mbele, nyuma na pembeni, inayoning'inia kutoka nyonga, au uigizaji wa kitambaa wa Blender wenye jina `Cloth`, na chini yake miguu huondolewa kabisa isionekane. Ukiwa na haraka ya kumvika mvuvi wako kanzu ya Idi, mwache asimame au akae, mpe mifupa ya nguo minne tu, na umfanyishe kazi kwa mikono.